Halima, fundi na landilodi: Roffey inavuta huku, Selectmove inavuta kule

Kuna swali la kisa tulilifanyia kazi kwenye kundi letu la mwaka wa kwanza huku Mombasa, mimi ndio nasimamia hicho kipindi cha jioni, na kati ya majibu 14 niliyosoma ni mawili tu yaliyoona mtego. Wengine wote waliandika "mahakama zimetofautiana" halafu wakachagua kesi waliyoipenda. Kwa hiyo naliandika lote hapa mwanzo mpaka mwisho, maana swali la aina hii linarudi kila mwaka, majina tu ndio yanabadilishwa.

Kisa chenyewe hiki. Halima anafungua mkahawa Mtwapa. Amekubaliana na fundi Kazungu amtengenezee meza 20, kila moja elfu 24, jumla laki nne na elfu themanini. Kazungu akamaliza meza 10 akalipwa zake, halafu mbao zikapanda bei na ikaonekana wazi hata tangu mwanzo alijipunja. Halima mwenyewe akampigia simu, "fundi, najua mbao zimepanda, hizo kumi zilizobaki nitakuongezea elfu 12 kila meza, bora umalize kabla ya harusi ya tarehe 20". Harusi hiyo alishapokea deposit na asipofungua itabidi airudishe. Kazungu akamaliza meza 6, Halima akamlipa bei ya zamani ya hizo 6 lakini nyongeza akatoa elfu 10 tu, basi Kazungu akaweka randa chini akaondoka.

Wakati huohuo Halima ana deni la kodi. Kodi ni elfu 70 kwa mwezi, amekosa miezi minne, yaani laki mbili na elfu themanini. Mzee Abdalla mwenye jengo akamtumia meseji ya WhatsApp: "Mwanangu lipa kodi ya kila mwezi kama kawaida na deni nipe elfu 20 kila mwezi mpaka liishe. Sitaki duka likae tupu msimu huu." Halima akajibu "ahsante sana mzee". Mwezi wa kwanza akalipa kwa wakati, mwezi wa pili akalipa elfu 20 ikiwa imechelewa siku sita. Wiki iliyofuata mzee anataka elfu 240 zote zilizobaki kwa mkupuo. Swali: mshauri Halima.

Mnaona alivyotegwa? Kwa Kazungu, Halima anataka kusema "nilikuahidi bure, hukunipa kitu kipya, meza ulishapaswa kutengeneza". Kwa mzee Abdalla anataka kusema kinyume kabisa, "uliniahidi, na umefaidika, huwezi kurudi nyuma". Ukimtetea kwa nguvu upande mmoja unampiga upande wa pili. Na hapo ndipo zile kesi mbili zinapoingia, zote za Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, zote zinahusu swali hilohilo la konsideresheni, yaani kile kitu ambacho kila upande lazima utoe ili ahadi ibane.

Kwa nini tunahangaika na Uingereza? Kwa sababu kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kinasema kanuni za kawaida za Uingereza kuhusu mikataba zinatumika hapa pale ambapo sheria yetu iliyoandikwa haijasema vingine. Hukumu za Uingereza zenyewe hazibani jaji wa Nairobi au Mombasa, zinamshawishi tu, kinachombana ni Mahakama yetu ya Rufaa na juu yake Mahakama ya Juu kwa kifungu cha 163(7) cha Katiba ya 2010. Lakini kanuni unayoisaka kwenye swali hili imejengwa kule, kwa hiyo lazima uijue ilivyojengwa.

Tuanze na Williams v Roffey Bros, iliamuliwa Novemba 1989. Roffey walikuwa kontrakta wakuu wa kukarabati flati 27 London, wakampa Williams kazi ya useremala kwa pauni 20,000. Bei ilikuwa ndogo mno, hata mtu wa Roffey mwenyewe aliona hivyo, na Williams akaanza kuishiwa. Roffey walikuwa na kipengele cha faini kwenye mkataba wao mkuu kama kazi ingechelewa, kwa hiyo Aprili 1986 wakamuahidi pauni 10,300 zaidi, 575 kwa kila flati itakayokwisha. Akakaribia kumaliza flati nane zaidi, akapewa 1,500 tu, akaacha kazi, akashtaki. Akashinda. Mahakama ilisema ni kweli hakufanya zaidi ya alichokuwa ameshakubali, lakini Roffey walipata faida halisi: kazi kuendelea, faini kuepukwa, usumbufu wa kutafuta seremala mwingine kuepukwa. Jaji Glidewell akaweka masharti, ukiyasema kwa lugha ya mtaani ni kwamba kuna kazi au huduma ya kufanywa, kuna sababu ya kuogopa haitaisha, anayeahidi anaongeza malipo ili iishe kwa wakati, anapata faida halisi au anaepuka hasara, na hakuna shinikizo la kiuchumi wala utapeli uliomfanya aahidi. Yakitimia hayo, faida hiyo inaweza kuwa konsideresheni.

Halafu Re Selectmove, Desemba 1993, mahakama hiyohiyo. Kampuni ilikuwa inadaiwa kodi ya mishahara na michango ya bima ya taifa. Mkurugenzi akapendekeza kwa mkusanyaji kodi kwamba watalipa zinazokuja kwa wakati na deni la nyuma pauni 1,000 kwa mwezi. Mkusanyaji akasema atawauliza wakubwa, kama hawakubali atawajulisha. Kimya. Baadaye mamlaka ikadai deni lote na mwisho ikaomba kampuni ifungwe. Kampuni ikasema tulikubaliana, na nyie mlikuwa na faida halisi kama Roffey, maana tukiendelea kufanya biashara mtapata zaidi kuliko mkitufunga. Mahakama ikakataa.

Sasa hapa ndipo wengi wanateleza. Jibu moja nililosoma lilisema, nanukuu karibu neno kwa neno, "Selectmove ni ya 1993 na Roffey ni ya 1989 kwa hiyo Selectmove imefuta Roffey." Hapana. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza haiwezi kufuta uamuzi wake mwenyewe wa awali kirahisi hivyo, tangu Young v Bristol Aeroplane mwaka 1944 inabanwa na maamuzi yake isipokuwa kwa njia chache: pale ambapo yake mawili yanagongana basi ichague, pale ambapo uamuzi wake hauwezi kukaa pamoja na uamuzi wa Malodi, yaani mahakama iliyokuwa ya juu kabisa Uingereza wakati huo, na pale ambapo uliamuliwa kwa kusahau sheria inayobana. Upya wa tarehe peke yake haumo. (Mtaona watu wanachanganya hili na Tanzania, ambako Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba maamuzi yake yakigongana, kawaida ni kufuata la karibuni. Hiyo ni ya kule, usiihamishie kwenye jibu la Uingereza.)

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi imeshinda, uliza kwanza, je zinagongana kweli? Soma Selectmove polepole. Jaji Peter Gibson hakusema kwamba mamlaka ya kodi haikuwa na faida. Alikubali hoja ina nguvu. Alichosema ni kwamba ukiiruhusu faida ya aina ya Roffey kwenye deni la pesa, basi Foakes v Beer inabaki bila kazi yoyote, kwa sababu kila mdai anayekubali mpango wa kulipa kidogokidogo anaona faida fulani, la sivyo asingekubali. Na Foakes v Beer ya 1884 ni ya Malodi, iko juu ya mahakama yake. Akaongeza kwamba kwenye Roffey hiyo Foakes haikutajwa hata mara moja. Yaani alisema, tafsiri yangu, hata kama mngekuwa sahihi mimi mikono yangu imefungwa, waendeeni walioko juu.

Hilo linabadilisha kila kitu kwenye jibu lako. Roffey inasema faida halisi inatosha pale ahadi ni ya kulipa ZAIDI kwa kazi au huduma. Selectmove inasema haitoshi pale ahadi ni ya mdai kupokea PUNGUFU au kungoja. Mstari unaozitenganisha ni Foakes, hauna uhusiano na nani alifaidika zaidi. Ukiandika sentensi hiyo moja kwenye jibu umeshapita watu wengi.

Na kuna mwanafunzi mmoja mjanja alibisha, akasema lakini mzee Abdalla hakupunguza deni hata shilingi, ameongeza muda tu, kwa hiyo Foakes haimhusu. Wazo zuri ila limekosea, na unaligundua ukisoma Foakes yenyewe badala ya muhtasari wa mstari mmoja. Daktari Foakes alikuwa na deni la hukumu la pauni elfu mbili na tisini hivi, wakakubaliana atatoa 500 mara moja na 150 kila nusu mwaka mpaka liishe, na Bi Beer hatachukua hatua. Akalipa deni lote. Kisha Bi Beer akadai riba, akapewa. Kwa hiyo nayo ilianza kama mpango wa kulipa kidogokidogo, sawa na Selectmove. Muda nao ni pungufu, kwa sababu shilingi ya leo na shilingi ya mwakani si moja.

Haya, turudi Mtwapa. Kazungu kwanza, yeye ni rahisi. Halima anaweza kukimbilia Stilk v Myrick ya 1809, ile ya mabaharia walioahidiwa nyongeza baada ya wenzao wawili kutoroka melini wakaambulia patupu. Lakini Roffey haikuifuta Stilk, ilisema inaiwekea mipaka kidogo tu, kwa hiyo swali ni ukweli wa kisa unafanana na upi. Angalia: Halima ndiye aliyepiga simu. Bei ilikuwa ya chini kweli. Kulikuwa na harusi na deposit ya kurudisha, ambayo ndiyo faini ya Roffey kwa sura nyingine. Kazungu hakutishia kuacha. Kama swali lingesema Kazungu alikuja siku tatu kabla ya harusi akasema "ongeza au naondoka", hapo ungeandika ukurasa mzima wa shinikizo la kiuchumi, lakini halisemi hivyo, na msiongeze mambo ambayo swali halijayasema, jamani. Kwa hiyo fuata Roffey. Meza 6 mara elfu 12 ni elfu 72, toa elfu 10, Halima anadaiwa elfu 62. Meza nne alizoacha hapati nyongeza yake, maana nyongeza ilikuwa kwa kila meza iliyokwisha, na Williams naye alilipwa kwa flati alizozifanyia kazi.

Mzee Abdalla sasa. Ukiishia Selectmove, Halima ameshindwa: ni deni, mdai ameahidi kungoja, Foakes inabana, mwisho. Wengi waliishia hapo na hawakukosea sana. Lakini rudini kwenye meseji. "Sitaki duka likae tupu msimu huu." Mtunga swali hakuandika sentensi hiyo kwa kupendezesha.

Iko hapo kwa sababu ya MWB v Rock Advertising, Mahakama ya Rufaa, 2016. Rock walikuwa wamepanga ofisi London, wakawa na malimbikizo ya zaidi ya pauni 12,000, wakakubaliana kwa mdomo ratiba mpya ya kulipa, wakatoa 3,500 siku hiyohiyo. MWB baadaye wakageuka. Mahakama ikasema ahadi ile ilikuwa na konsideresheni, na namna ilivyopita katikati ya Selectmove na Roffey ndiyo mfano mzuri wa kutofautisha ninaoujua: ilisema faida ya MWB haikuwa ile tu ya kupata pesa au kutumaini kupata zaidi, ilikuwa pia kubaki na mpangaji kwenye jengo badala ya jengo kukaa tupu bila kuingiza kitu. Foakes na Selectmove zinakataa faida ambayo ni pesa za deni lenyewe. Hii ni faida nyingine, iko nje ya deni.

Je tofauti hiyo ni ya kweli au ni ujanja wa maneno? Mimi huwa naipima hivi: chukua sababu unayoitumia kutofautisha, iondoe kwenye kisa, uone kama matokeo yanabadilika kwa mantiki ya kesi ya awali. Ukiondoa jengo kwenye MWB unabaki na mdai anayetumaini kulipwa, ambayo ni Selectmove tupu. Kwa hiyo jengo linafanya kazi. Halafu geuza: weka sababu hiyo kwenye kesi ya awali uone kama nayo ingekuwa imetimia. Selectmove walisema mamlaka itafaidika kampuni ikiendelea kuishi, lakini mamlaka haikuwa na jengo wala chochote chake ambacho kingekaa bure. Imepita, ila kwa upenyo mwembamba, nakiri, maana karibu kila landilodi wa duniani hapendi nyumba tupu, na ukiipanua kidogo tu Foakes inakufa kimyakimya kwa upande wa kodi za nyumba. Andika hivyo kwenye jibu lako. Mwalimu anataka kuona umeuona udhaifu wa hoja unayoitumia.

Kisha usisahau kilichotokea 2018. MWB ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza na Rock wakashindwa, lakini kwa sababu nyingine kabisa: mkataba wao ulikuwa na kipengele kwamba mabadiliko yoyote lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote, na makubaliano yao yalikuwa ya mdomo. Kuhusu konsideresheni Lodi Sumption alisema hawataligusa, ila Foakes pengine imeiva kuangaliwa upya, siku nyingine, mbele ya jopo kubwa zaidi. Kwa hiyo usiandike "MWB ilifutwa" ukaishia hapo, na usiandike "MWB imethibitishwa" pia. Matokeo yamepinduliwa, ile hoja ya jengo tupu haijaguswa na aliyeko juu, na imebaki na nguvu ya kushawishi kwa jaji wetu huku ambaye habanwi na hukumu yoyote kati ya hizi za Uingereza.

Kutokana na hiyo, swali la kwanza la kumuuliza Halima ni, lete mkataba wa pango. Kama una kipengele cha maandishi na saini, ana shida, na itabidi abishane kama meseji ya WhatsApp na ile "ahsante sana mzee" ni maandishi yaliyosainiwa. Swali halijasema kama kipo, kwa hiyo unaandika pande zote mbili kwa kifupi unaendelea.

Mwisho kuna estopeli, ile ya High Trees ya 1947, kwamba hata bila konsideresheni mtu aliyeahidi hataruhusiwa kugeuka pale ambapo kugeuka ni dhuluma. Majibu mengi yaliirusha hapa kama kofia ya kuokolea. Ila kumbukeni siku sita. Kwenye Selectmove estopeli nayo ilikwama, na moja ya sababu ni kwamba kampuni yenyewe haikutimiza ilichoahidi, haikulipa kwa wakati, kwa hiyo haikuonekana dhuluma mamlaka kudai chake. Siku sita kwa mwezi mmoja ni kidogo kuliko walivyofanya Selectmove, na mzee aliipokea ile elfu 20 bila kulalamika, kwa hiyo ningesema Halima bado ana nafasi, lakini ni estopeli ya kuahirisha tu, mzee akitoa notisi ya kutosha anaweza kurudi kwenye haki yake. Waliokosa kuziona hizo siku sita walikuwa tisa kati ya 14.

Ushauri niliouandika mimi mwisho wa karatasi ulikuwa hivi: mlipe Kazungu elfu 62, usipoteze pesa za wakili kwenye Stilk. Kwa mzee, simama kwanza kwenye jengo tupu, estopeli iwe nyuma yake, na kuanzia mwezi huu elfu 20 iingie tarehe ileile bila kuchelewa hata siku moja, na usimtetee Halima kwa kusema Roffey "inatumika kwa kila ahadi", kwa sababu Kazungu atakubali kwa furaha halafu mzee atakufungulia Foakes.

Binamu yangu anayesoma sheria Dar alisoma jibu hili akacheka. Sheria ya mikataba ya Tanzania imefuata ile ya India ya 1872, na humo aliyeahidiwa anaweza kusamehe deni lote au sehemu yake au kuongeza muda, bila kupewa kitu kingine. Mfano uliomo kwenye ile ya India ni mtu anayedai rupia 5,000 akakubali 2,000 zimalize deni, na deni limekwisha. Kwa hiyo yeye upande wa mzee Abdalla angeumaliza kwa aya moja, halafu akaniuliza mimi kwa nini nimetumia kurasa tatu.